Mkopo nafuu unapoficha hasara ya mradi

Chukua mfano wa kiwanda kidogo cha kupoza maziwa. Kukijenga ni shilingi milioni 100, na baada ya kodi kitaingiza milioni 30 kila mwaka kwa miaka 5. Mfuko wa serikali unatoa mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 6, wakati benki zinatoza 16. Je, kijengwe?

Mwaka 1974 Stewart Myers alipendekeza tutenganishe mradi na fedha zake. Njia hiyo tuiite thamani ya sasa iliyorekebishwa.

Kwanza, jifanye wenye kiwanda wanalipia kila kitu mfukoni, nao wanadai faida ya asilimia 18. Mapato ya miaka 5 yana thamani ya milioni 93.8 leo. Kiwanda chenyewe kinapoteza 6.2.

Kisha pima mkopo. Riba ni milioni 3.6 kwa mwaka, na deni lenyewe linalipwa mwisho wa mwaka wa 5. Kwa riba ya soko, malipo hayo yote yana thamani ya milioni 40.4 leo, ilhali umepokea 60. Ruzuku ni 19.6. Wengi hukosea hapa kwa kutumia ile asilimia 6: wakipata 60 kamili, ruzuku ikatoweka, wajue wamekosea.

Nafuu ya kodi ya asilimia 30 juu ya riba inaongeza 3.5. Jumla ni faida ya takriban milioni 17.

Kijengwe, lakini mkopo ukishatiwa saini tu. Bila huo, kiwanda ni hasara.