Droni Inavyojinyoosha Hewani

Upepo ukiisukuma droni ya mapanga manne ikainamia kulia nyuzi 10, kompyuta yake ndogo ina kazi moja: kuirudisha sawa. Njia inayokuja haraka akilini ni kuzipa mota za kulia nguvu kadiri ya mwinamo. Njia hiyo haifai. Mota haziwezi kubadili mwinamo papo hapo. Zinachoweza ni kuongeza au kupunguza kasi ya kuzunguka kwa droni. Kwa hiyo inapofika usawa, nguvu ya mota imeisha lakini kasi iko palepale, nayo huinamia upande wa pili kama bembea.

Ndiyo maana programu kama ArduPilot huigawa kazi hii mara mbili. Kitanzi cha nje hutazama pembe peke yake na hakigusi mota. Huchukua kosa la pembe, hulizidisha kwa namba moja, kisha hutoa agizo la kasi. Namba hiyo ni `ATC_ANG_RLL_P`, ambayo kwa kawaida huanza na 4.5. Kosa la nyuzi 10 huzaa agizo la nyuzi 45 kwa sekunde. Likibaki kosa la nyuzi 2, agizo hushuka hadi nyuzi 9 kwa sekunde.

Kitanzi cha ndani hupokea agizo hilo na kulilinganisha na kasi halisi inayopimwa na jairoskopu. Tuseme zimebaki nyuzi 2 na droni bado inazunguka kwa nyuzi 20 kwa sekunde. Agizo ni 9, hivyo kitanzi hiki kinafunga breki kabla usawa haujafikiwa. Betri ikikaa upande, hapahapa ndipo nguvu ya ziada ya kuibeba hulimbikizwa.

Mgawanyo huu unafaa kwa sababu jairoskopu hupima kasi moja kwa moja na upesi, ilhali pembe hukadiriwa kwa kuchanganya vipimo. Lakini una sharti: kitanzi cha ndani kiwe chepesi mara kadhaa kuliko cha nje. Mapanga makubwa yanayochelewa kubadili mzunguko hukichelewesha, na hapo namba ya nje lazima ipunguzwe.

Makosa yake yanajulikana. Mtetemo wa haraka na mota zinazochemka mara nyingi huashiria kitanzi cha ndani kimekazwa mno. Droni ikiyumba polepole huku na huku, mara nyingi cha nje kinaagiza kuliko cha ndani kinavyoweza kutimiza. Katika kumbukumbu za safari, linganisha `RATE.RDes` na `RATE.R`: kasi halisi ikiachwa nyuma ya agizo, tatizo liko ndani.

Basi anza kurekebisha kitanzi cha ndani. Usiguse cha nje mpaka mistari hiyo miwili ifuatane.