Bitkoini kukatwa nusu: kilicho hakika na kisicho hakika

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Aprili 2024, saa 8 na dakika 9 kwa saa za Kisangani, malipo ya wachimbaji wa bitkoini duniani kote yalishuka kutoka bitkoini 6.25 hadi 3.125. Hakuna benki kuu iliyotoa amri. Kanuni hiyo imo ndani ya programu yenyewe tangu 2009, na kila mwenye kuisoma aliijua mapema. Hata hivyo hoja moja haiishi midomoni mwa watu: bitkoini mpya zimepungua nusu, basi bei lazima ipande maradufu. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Ya pili haifuati, na anayekopa fedha kwa kuitegemea anaweza kuumia vibaya.

Kuchimba bitkoini ni kazi ya kompyuta kushindana kubahatisha namba. Kila baada ya dakika 10 hivi mmoja hushinda, huandika kundi la malipo liitwalo bloku, na hupewa sarafu mpya. Kila zikitimia bloku 210,000, yaani miaka minne hivi, zawadi hukatwa nusu. Ilianza na 50, ikawa 25, kisha 12.5, na kuendelea. Ukijumlisha mfululizo huo wote hadi mwisho unakaribia 100. Zidisha kwa 210,000 upate milioni 21. Kikomo kinachosifiwa sana kinatoka kwenye hesabu hiyo tu.

Hapa Kisangani tunaweza kuona upekee wake kwa kutazama almasi. Bei ya almasi ikipanda, vijana wengi zaidi huingia machimboni na mawe mengi zaidi hufika kwa wanunuzi mjini. Kwenye bitkoini, wachimbaji wakiongezeka, programu hulifanya fumbo kuwa gumu zaidi kila baada ya bloku 2,016, wiki mbili hivi, ili kasi irudi ileile. Wakipungua, fumbo hulegezwa. Kwa hiyo bei haiwezi kuvuta bitkoini zaidi kutoka chini ya ardhi, kama tunavyosema.

Pigo la kukatwa nusu humfikia mchimbaji kwanza. Katika Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitkoini mwaka 2020 kwa umeme wa maji huko Luviro, mitambo ikiwa imepangwa ndani ya makontena. Tuchukue kontena la mfano linalopata bitkoini 0.02 kwa mwezi. Bei ikiwa dola 64,000, karibu na ilivyokuwa siku ile ya Aprili, hiyo ni dola 1,280. Zawadi ikikatwa, maji ni yaleyale, mashine ni zilezile, lakini mapato ni dola 640. Baadhi ya wachimbaji wenye umeme ghali huzima mitambo, fumbo hulegea, na waliobaki hupata mgawo mkubwa kidogo. Ndiyo maana usemi kwamba bei lazima ipande ili wachimbaji warudishe gharama hauna msingi: gharama ndizo zinazoifuata bei.

Sasa tupime ukubwa wa upungufu wenyewe. Aprili 2024 sarafu mpya zilishuka kutoka 900 hivi kwa siku hadi 450. Lakini wakati huo bitkoini zaidi ya milioni 19.6 zilikuwa zimekwisha kutolewa. Wenye sarafu hizo wakiamua kuuza hata sehemu ndogo sana, wanafunika kabisa zile 450 zilizokosekana. Na kila mara zawadi inapokatwa, kiasi kinachoondolewa ni kidogo kuliko cha mara iliyotangulia.

Ni kweli kwamba bei ilipanda sana baada ya zawadi kukatwa mwaka 2012, 2016 na 2020. Hiyo ni mifano mitatu tu, na mwaka 2020 serikali nyingi zilikuwa zikimwaga fedha kwa sababu ya korona. Mwaka 2024 rekodi ya wakati huo, zaidi ya dola 73,000, ilifikiwa Machi, kabla ya kukatwa, baada ya mifuko ya uwekezaji wa bitkoini kuruhusiwa Marekani mwezi Januari. Kisha kumbuka Novemba 2021: bitkoini moja ilifika dola 69,000 hivi. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Zawadi muda wote huo ilikuwa 6.25 na kikomo kilikuwa milioni 21. Kilichobadilika ni wanunuzi.

Na kwa anayetaka mfano wa upande wa pili, upo. Laitkoini, sarafu iliyojengwa kwa kuiga bitkoini, ina kikomo cha milioni 84 na nayo hukatwa nusu. Ilikatwa tarehe 2 Agosti 2023, kutoka 12.5 hadi 6.25. Mwaka mmoja baadaye bei yake ilikuwa chini kuliko siku ile.