Miaka Minne, Malipo Manane

Tuchukue mfano wa muuguzi aliyehamishwa kutoka Mwanza kwenda Dodoma. Dalali amemzungusha siku nzima, na mwishowe amepata chumba na sebule kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 1,200,000, na dalali naye anasubiri chake, kodi ya mwezi mmoja. Fedha ya uhamisho haijatoka. Muuguzi anaomba alipe miezi mitatu kwanza. Mama mwenye nyumba anamtazama, kisha anamuuliza kwa upole: "Mwanangu, mimi nakujuaje?"

Swali ni la haki. Kitambulisho cha NIDA kinaeleza yeye ni nani. Barua ya serikali ya mtaa inaeleza alikuwa akiishi wapi. Lakini hakuna kati ya hizo inayoeleza kama alilipa kodi bila kukimbizana. Anayelijua hilo ni mtu mmoja tu, naye yuko Nyakato, Mwanza: baba mwenye nyumba aliyempangisha kwa miaka minne.

Ushahidi wa mzee huyo una uzito kwa sababu mpangaji ameshaondoka. Mwenye nyumba ambaye bado anaishi na mpangaji msumbufu anaweza kumsifia ili mwingine amchukue. Aliye na mpangaji mzuri anaweza kumponda ili asimpoteze. Yule ambaye chumba chake kimeshaachwa na hesabu zimeshafungwa hana cha kuvuna kwa kusema uongo.

Sasa aandike nini? Wengi huandika hivi: "Namfahamu kijana huyu, ni mwaminifu, mchapakazi na mcha Mungu, naomba apewe ushirikiano." Mama wa Dodoma akiisoma atajiuliza palepale: yote mazuri, kodi je? Barua inayomfaa ni hii:

*Yah: Uthibitisho wa Upangaji*

*Mimi ni mmiliki wa nyumba iliyopo Nyakato, Mwanza. Ninathibitisha kuwa mtajwa hapo juu alipanga kwangu chumba na sebule kuanzia tarehe 1 Machi 2021 hadi tarehe 28 Februari 2025. Kodi ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, akilipa miezi sita kwa mkupuo. Kwa muda huo alilipa awamu nane. Saba alilipa kwa wakati. Awamu ya Septemba 2022 ilichelewa siku kumi na mbili. Alinijulisha kabla ya tarehe kufika, na akalipa siku aliyoahidi.*

*Alinipa taarifa ya kuhama mwezi mmoja kabla. Tulikagua vyumba pamoja. Kitasa kimoja kilikuwa kimeharibika, akakibadilisha kwa gharama yake. Hakuacha deni la maji wala la umeme. Sikuwahi kuletewa malalamiko juu yake na wapangaji wenzake.*

*Ameondoka kwa sababu ya uhamisho wa kikazi. Nikipata nafasi, ningempangisha tena. Barua hii ni maelezo ya ninayoyajua, si dhamana ya madeni yake ya baadaye.*

Chini yake ziwepo tarehe, jina, sahihi na namba ya simu inayopatikana.

Hakuna sifa hata moja humo. Neno "mwaminifu" halipo, na bado msomaji anamaliza akiwa amelipata mwenyewe. Tarehe mbili zinamfanya ahesabu miezi 48. Awamu nane zinamwonyesha kuwa huyu hakulipa vizuri mara moja kwa bahati. Hofu tatu za kila mwenye nyumba, yaani kodi, uharibifu na ugomvi, zimejibiwa kila moja kwa jambo lililotokea.

Ule mstari wa siku kumi na mbili ndio wengi wangeufuta. Mpangaji mwenyewe angeweza kuomba usiandikwe. Ila mpangaji wa mshahara, katika miaka minne, atachelewa walau mara moja, na kila mwenye nyumba analijua hilo. Anachokiogopa zaidi ni simu kuzimwa na mlango kufungwa kwa ndani. Barua inayosema "alichelewa, lakini alinijulisha" inamwonyesha jinsi mtu huyu anavyofanya akikwama, na inayafanya yale mengine yote yaaminike.

Malalamiko ya wapangaji wenzake nayo hayakutajwa bure. Katika nyumba nyingi za kupanga, mita ya LUKU ni moja na watu wanaichangia. Mmoja ana friji, mwingine ana pasi, wa tatu ana taa mbili tu, na kila umeme ukikata huanza mabishano ya nani hajatoa. Mtu aliyepita miaka minne katika nyumba ya namna hiyo bila kesi kufika kwa mwenye nyumba ana jambo la kuonyesha.

Yapo pia ya kuacha. Dini yake, kabila lake, wageni waliomtembelea, ugonjwa aliowahi kuugua: hayo si ya barua ya nyumba. Namba ya NIDA nayo isiwekwe, maana karatasi hii itapita mikononi mwa madalali na kupigwa picha kwenye simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, jambo ambalo halimsaidii mwenye nyumba mpya kuamua halina haja ya kusafiri. Na lile neno la mwisho kuhusu dhamana lisisahaulike. Bila hilo, kodi ikikwama Dodoma, simu inaweza kupigwa Nyakato.

Upande wa anayepokea, karatasi peke yake haitoshi. Rafiki yeyote anaweza kujiita baba mwenye nyumba. Kwanza, tarehe na kiwango cha kodi vilinganishwe na mkataba wa zamani. Pili, ile namba ya simu: ukianza kumtumia mtu pesa kwa simu, jina la aliyesajili laini huonekana kabla hujathibitisha. Litazame, kisha sitisha. Likiwa tofauti na la kwenye barua usihukumu haraka, kwani wazee wengi hutumia laini zilizosajiliwa na watoto wao, lakini uliza. Tatu, piga, na uulize jambo ambalo barua haikulitaja: umeme mlichangiaje? Alipoondoka nani aliingia? Mwenye nyumba wa kweli hujibu huku akiendelea na shughuli zake. Wa kupanga huomba muda, kisha anarudi na jibu lililonyooka mno.

Mama wa Dodoma alipiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akauliza ya LUKU, akajibiwa: kila chumba shilingi 10,000 kwa mwezi, mwenye friji akiongeza 5,000. Akauliza kama kuna deni lolote lililobaki.

"Deni sina naye," mzee akasema. "Ila mwambie ameondoka na ufunguo wangu wa geti."

Mama akakata simu akicheka. Muuguzi akapekua mkoba, akautoa, akabaki ameushika kwa aibu. Mkataba ukaandikwa wa miezi mitatu. Kesho yake asubuhi ufunguo ulipanda basi la Mwanza ndani ya bahasha.