Waliokutangulia kwenye bloku

Una dola 20,000 za USDC na unataka ETH. Unafungua Uniswap, skrini inakuambia utapata ETH 9.87. Unabonyeza, unaidhinisha kwenye pochi yako, na baada ya sekunde chache muamala umepita. Ukiangalia kilichoingia ni ETH 9.77. Hakuna aliyeiba nywila yako, na programu haikukosea hesabu. Kilichopungua, karibu dola 195, kimechukuliwa hadharani, kwa kufuata kanuni zote za soko, na kwa kiwango ambacho wewe mwenyewe ulikuwa umekiruhusu.

Ili kuona kimepitia wapi, tuanze na soko lenyewe. Uniswap haina dalali wala daftari la wauzaji na wanunuzi. Ina makapu. Kila kapu lina sarafu mbili, zilizowekwa humo na watu wanaotaka kugawana ada ya kila mauzo. Katika toleo la pili la Uniswap, lililotoka mwaka 2020, bei haipangwi na mtu: inatokana na kanuni kwamba idadi ya sarafu ya kwanza ikizidishwa kwa idadi ya sarafu ya pili, jibu lisishuke. Tuseme kapu lina ETH 1,000 na USDC 2,000,000. Bei ya hapo ni dola 2,000 kwa ETH moja. Ukiweka USDC na kutoa ETH, ETH zinapungua kapuni, kwa hiyo bei inapanda wakati wewe bado unanunua.

Ndiyo maana dola zako 20,000, hata pasipo mtu wa kukuingilia, hazikupi ETH 10. Ada ni asilimia 0.3, na uzito wa agizo lako unasukuma bei juu. Unapata 9.87, yaani wastani wa dola 2,026 kwa ETH moja. Katika hizo dola 26 za ziada, sita ni ada na zilizobaki ni gharama ya kununua kwa pupa kwenye kapu lisilo kubwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu malalamiko mengi ya kuibiwa sokoni humu hayana mwizi: mtu kapeleka agizo kubwa kwenye kapu dogo, basi. Lakini hiyo 9.87 ndiyo uliyoahidiwa kwenye skrini. Kilichoishusha hadi 9.77 ni kitu kingine.

Muamala wako hauingii kwenye blokcheni mara tu unapobonyeza. Kwanza unasambazwa kwa kompyuta za mtandao wa Ethereum na kukaa kwenye foleni ya wazi, ukisubiri kupangwa kwenye bloku, na bloku mpya hutoka kila sekunde 12. Foleni hiyo husomwa na yeyote anayeendesha kompyuta ya mtandao. Na agizo lako limeandikwa wazi, pamoja na kitu ambacho kwenye soko la kawaida ungekificha: bei mbaya kabisa unayoweza kuivumilia. Kwenye Uniswap ya toleo la pili agizo lina umbo hili:

```
swapExactTokensForTokens(amountIn, amountOutMin, path, to, deadline)
```

Sehemu ya kwanza ni kiasi unachotoa. Ya pili, `amountOutMin`, ni kiasi cha chini unachokubali kupokea. Kikipungua hapo, muamala unajifuta. Kinga hiyo ni ya lazima, kwa sababu bei hubadilika wakati ukiwa bado foleni. Kwenye skrini unaiona kama asilimia iliyo chini ya neno `Slippage`. Ukiweka asilimia 1, kiwango chako cha chini kinakuwa ETH 9.773. Wewe unaiona kama tahadhari. Roboti inayosoma foleni inaona umetangaza kwamba ETH 0.099 hutazigombania.

Roboti hiyo inafanya hesabu kwa sehemu ya sekunde, kisha inatayarisha miamala miwili ya kukuweka katikati. Wa kwanza unanunua ETH kwa dola 10,000 kabla yako, na kupata ETH 4.960. Kapu sasa lina ETH 995.04 na USDC 2,010,000, na bei imepanda. Agizo lako linafuata na kupata ETH 9.774, juu kidogo tu ya kiwango chako cha chini, kwa hiyo halijifuti. Ununuzi wako nao umesukuma bei juu zaidi. Hapo muamala wa pili wa roboti unauza zile ETH 4.960 na kupata USDC 10,138. Yote yametokea ndani ya bloku moja. Roboti imeweka dola 138 mkononi bila kubaki na sarafu yoyote inayoweza kushuka bei, na dola 60 nyingine za ada yake zimewaendea wenye kapu. Mbinu hii huitwa sandwichi, na nyama ni wewe.

Kiasi cha dola 10,000 hakikuchaguliwa ovyo. Roboti ingenunua kwa zaidi kidogo, bei ingepita kikomo chako, muamala wako ungejifuta, nayo ingekosa faida. Huwa inakusogeza hadi karibu kabisa na ukingo bila kukutupa nje. Ukikuta umepokea karibu kile kiwango chako cha chini hasa, hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Kwa dalali wa hisa, kununua mwenyewe kabla ya kutekeleza agizo kubwa la mteja ni kosa linaloweza kumfungisha, kwa sababu ana wajibu kwa mteja huyo. Roboti haina mteja. Imesoma tangazo la hadharani. Lakini kwa nini anayepanga bloku akubali kuiweka mbele yako? Kwa sababu analipwa, na hapa ndipo mambo yanaponoga.

Mpangilio wa miamala ndani ya bloku uko mikononi mwa anayeiandaa. Hadi tarehe 15 Septemba 2022 bloku za Ethereum ziliundwa na wachimbaji. Mwaka 2019 Philip Daian na wenzake, wakiwemo watafiti wa Cornell Tech, walichapisha utafiti ulioonyesha roboti zikishindana kwa kupandisha ada ya gesi ndani ya sekunde chache ili kuwahi nafasi ya mbele. Pato ambalo mchimbaji anaweza kujipatia kwa kupanga, kuingiza au kuacha miamala wakaliita kwa herufi MEV. Wachimbaji wameondoka, wathibitishaji wameshika nafasi yao, herufi zimebaki na biashara imekuwa rasmi zaidi. Leo mthibitishaji kwa kawaida hapangi bloku mwenyewe. Kupitia programu iitwayo MEV-Boost, iliyotengenezwa na Flashbots, wapo wajenzi wa bloku wanaoshindana kumpa zabuni, na roboti nazo huwapa wajenzi hao vifurushi vya miamala vyenye bakhshishi ndani. Kifurushi huingia chote au hakiingii kabisa, kwa hiyo roboti haina hatari ya kununua halafu ikakosa kuuza.

Roboti nyingi zinaliona agizo lako kwa wakati mmoja. Moja ikiahidi bakhshishi ya dola 50 kati ya 138, nyingine itaahidi 90, nyingine 120. Faida inawatoka wawindaji na kuhamia kwa mwenye mamlaka ya kupanga foleni. Tarehe 12 Machi 2025 mtu mmoja alibadilisha takriban dola 220,000 za USDC kwa USDT, sarafu mbili ambazo kila moja hukaa karibu na dola moja, na akapokea kama dola 5,000 tu. Sandwichi ilikuwa imesukuma bei ya kapu mbali mno. Roboti iliyofanya hivyo ilimlipa mjenzi wa bloku takriban dola 200,000 na kubaki na kama 8,000. Hasara ya namna ile haiwezekani bila kiwango cha chini kilichoachwa chini mno au kisichowekwa kabisa; kingekuwa asilimia moja, muamala ungejifuta na mwenye fedha angepoteza gesi tu.

Si kila pato la aina hii linamuumiza mtu. Roboti inayonunua ETH kwenye kapu la bei ya chini na kuuza kwenye la bei ya juu inalinganisha bei, na kwa hilo masoko haya yasingefaa kitu bila yake. Na sandwichi nayo ina mpaka. Roboti inalipa ada mara mbili, kwenda na kurudi, jumla kama asilimia 0.6. Kwenye kapu letu la mfano, agizo lililo chini ya takriban dola 6,000 halisogezi bei kiasi cha kurudisha ada hiyo, achilia mbali gesi, kwa hiyo wa dola 200 ataachwa apite. Lakini kapu likiwa dogo, kama yalivyo ya sarafu nyingi zilizotoka juzi, hata agizo dogo linatosha kuvutia. Anayenunua USDT kwa mtu na kumlipa kwa M-Pesa hakutani na hili kabisa. Anaweza kupunjwa kwenye bei, ila hajapita kwenye foleni hiyo.

Kinga inayotajwa kwanza ni kupunguza asilimia ya `Slippage`. Katika mfano wetu, ungeweka 0.1, roboti ingebaki na nafasi finyu na faida ndogo, ambayo gesi na bakhshishi zingeweza kuimaliza. Gharama yake ni kwamba siku bei inapochachamaa muamala utajifuta mara kwa mara, na gesi hairudi. Njia ya pili ni kutopita kwenye foleni ya wazi: unabadilisha anwani ya mtandao kwenye pochi yako ili miamala iende kwa huduma kama Flashbots Protect, inayoipeleka kwa wajenzi wa bloku moja kwa moja. Hapo roboti za foleni hazikuoni, ila wewe sasa unawaamini wanaoipokea. Njia ya tatu ni soko kama CoW Swap, ambalo hukusanya maagizo na kuyatekeleza kwa mafungu, na wote wanaobadilisha sarafu zilezile katika fungu moja hupata bei moja. Kumtangulia mwenzako ndani ya fungu hakuna maana pale ambapo nyote mnalipa sawa. Kwa agizo kubwa mimi ningeanza na hiyo ya tatu.

Ukitaka kujua kama uliwahi kuliwa, fungua muamala wako wa zamani kwenye Etherscan, tazama namba ya bloku na nafasi yako ndani yake, kisha fungua muamala uliokutangulia na uliokufuata. Ikiwa anwani ileile imenunua sarafu uliyonunua, kwenye kapu lilelile, kisha ikauza kiasi kilekile mara baada yako, umeipata. Linganisha alichoweka na alichotoa, tofauti ni sehemu ya kilichokupungukia. Halafu angalia alichomlipa mjenzi wa bloku: mara nyingi utakuta aliyekuwinda ameondoka na makombo.