Usiku Mmoja na Mita ya Maji

Bili yetu ya maji ilikuwa ikicheza kwenye yuniti 14 kwa mwezi. Tuko watu watano, nyumba ya kawaida Dar es Salaam, na tanki la lita 1,000 limekaa juu ya mnara nyuma ya nyumba. Mwezi mmoja ikaja bili ya yuniti 27. Nilidhani msoma mita amekosea, nikaenda kuinama mwenyewe kwenye kile kisanduku cha zege kando ya geti. Hakuwa amekosea. Namba za kwenye bili zilikuwa zimepitwa kidogo tu na zile nilizoziona kwenye dira.

Yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Yuniti 13 za ziada ni madumu 650. Hayo huwezi kuyamwaga nyumbani bila kuyaona, isipokuwa yapite mahali ambapo maji hupita bila kuacha alama. Kwa nyumba nyingi mahali hapo ni chooni.

Mita yetu ina namba tano nyeusi, ambazo ndizo yuniti kamili, na ndizo anazoandika msoma mita. Chini yake kuna visahani vinne vyenye mishale myekundu. Mwanzoni nilivipuuza, kumbe kwa anayetafuta uvujaji ndivyo vyenye habari zote. Mshale wa kisahani kilichoandikwa x0.0001 ukizunguka mara moja, imepita lita moja. Wa x0.001 ukizunguka mara moja, zimepita lita kumi. Mita nyingine hazina mishale hiyo kwa wingi, bali zina namba tatu nyekundu baada ya zile nyeusi, na hizo tatu ndizo lita. Katikati kuna kigurudumu kidogo chenye meno kama nyota. Hicho huzunguka hata kwa mkondo mwembamba wa maji.

Kama nyumba yako haina tanki, kazi ni nyepesi. Funga koki zote, kaa na ile nyota kwa dakika kumi. Ikizunguka, maji yanakwenda mahali. Usifanye hivyo maji ya mgao yanapoanza tu kurudi, maana hewa iliyomo kwenye bomba nayo huizungusha.

Mwenye tanki akifanya hivyo atadanganyika, kama nilivyodanganyika mimi. Nilifunga kila koki, nikachungulia nyota, ikawa imetulia tuli. Nikashangilia bure. Mita haioni choo chako. Inaona tanki tu. Choo kinanyonya polepole kutoka kwenye tanki, na koki ya boya kule juu hurudishia maji kwa mafungu, au kwa mchirizi mwembamba kiasi kwamba mita haiutambui sawasawa. Kila mita ina kiwango ambacho chini yake maji hupita bila kuisukuma.

Fundi bomba wa mtaani kwetu ndiye aliyenitoa gizani. "Dada, usiikimbize mita," aliniambia. "Acha tanki likusanye deni usiku kucha, asubuhi mita ilihesabu lote kwa mkupuo."

Ndivyo nilivyofanya. Saa nne usiku nilisubiri tanki lijae hadi nyota ikasimama, kisha nikafunga geti valvu ya bomba linaloingia kwenye tanki. Nikaandika namba zote, na mishale pia: 00412.386. Chooni niliweka ndoo ya maji kwa atakayeamka usiku, na kila mtu akaambiwa asiguse flashi wala koki. Jikoni kwetu maji hutoka tankini. Kama koki yako ya jikoni imeungwa moja kwa moja na bomba la mtaani, nayo iachwe.

Saa 11 alfajiri, kabla ya kufungua chochote, nilisoma tena. 00412.386, haikusogea. Basi bomba lililofukiwa kutoka mita hadi kwenye tanki halikuwa na uvujaji wa kuzungumzia. Nikafungua geti valvu. Nyota ikazunguka kwa nguvu, na hapo ndipo uzuri wa mbinu hii ulipo: maji yaliyopotea kwa matone saa nzima baada ya saa yanarudishwa kwa kasi, mita inayahesabu vizuri. Iliposimama nilisoma 00412.512. Tofauti ni 0.126, yaani lita 126.

Lita 126 kwa saa saba ni lita 18 kila saa. Kwa siku ni 432, kwa mwezi karibu yuniti 13. Ndizo zilezile za kwenye bili.

Usiku wa pili nilirudia yote, ila safari hii nilifunga pia koki ndogo ya ukutani inayolisha tangi la flashi. Asubuhi tanki lilichukua lita tatu tu. Mhalifu alikuwa amepatikana, na hatukuwa tumevunja kigae hata kimoja.

Kuthibitisha, nilifungua ile koki, nikatia bluu ya kufulia kidogo ndani ya tangi la flashi, nikaacha nusu saa bila mtu kuvuta. Maji ya kwenye bakuli yakageuka buluu. Kuna njia mbili za kufikia hapo. Ama raba ya chini inayoziba tundu la flashi imechoka au imeshikwa na chumvi ya maji, ama boya limewekwa juu mno na maji yanamwagikia kwenye bomba la ziada lililosimama katikati. Fungua mfuniko utazame: maji yakiwa chini ya mdomo wa bomba lile, lawama ni ya raba. Ya kwetu ilikuwa imepinda upande mmoja. Fundi aliibadilisha kwa dakika 20.

Baada ya hapo nilitaka kujua bafu linakula kiasi gani likiwa zima. Kwa flashi moja, tanki la lita 1,000 hushuka kama sentimita moja, hivyo mita haitakupa jibu la kuaminika. Nilifunga koki ya choo, nikavuta flashi, kisha nikalijaza tangi kwa chupa ya lita moja hadi alama yake: chupa tisa. Tunavuta kama mara 20 kwa siku, hivyo ni lita 180. Bomba la mvua nililipima kwa ndoo ya lita kumi, ikajaa kwa sekunde 75, yaani lita nane kwa dakika. Watu wazima watatu, dakika tano kila mmoja, ni 120. Watoto wawili huoga kwa beseni, kama lita 40 kwa wote. Jumla ya bafu ni lita 340.

Kisha nikaiacha mita iamue kwa siku saba. Ilisogea yuniti 3.3, wastani wa lita 471 kwa siku. Zilizobaki 131 ni za jikoni na kufua, na hesabu hiyo naiamini. Asiyekuwa na tanki ataipata flashi yake moja kwa moja: asome mita kabla ya kuvuta na baada ya tangi kujaa.

Bili iliyofuata ilirudi kwenye 14. Raba ile ni mpira tu, itachoka tena, na bomba lote baada ya mita ni la mteja: kila lita iliyopita pale utailipia, hata kama hukuitumia. Kwa hiyo tanki likijaa leo usiku, funga geti valvu, andika namba zote hadi mshale wa mwisho, ulale.