Uji wa Ubuyu, Ganze

Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, mahindi ya Ganze, Kilifi, yalikauka shambani. Mibuyu ikabaki.

Mama mpishi wa kijiji, mwenye unga kiduchu na watu tele, huukoroga kwanza kwa maji baridi usifanye mabonge, ndipo aumimine kwenye maji yanayochemka. Ubuyu huuloweka kando, akaufikicha mpaka mbegu zibaki tupu, akachuja. Rojo hilo huingia sufuria ikishaipuliwa, maana moto mwingi huua vitamini C. Uji huwa mzito, mchachu. Akizidisha, watoto hukunja uso. Protini bado ni haba, hivyo kunde zikipatikana, hata konzi moja, huchemshwa na kupondwa humo. Kata ni ileile kwa wote, watoto kwanza. Mke wa mzee wa kijiji naye hupanga foleni.