Volkano Inayotiririka na Volkano Inayolipuka

Januari 17, 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, upande wa kusini. Zaha ikatoka kwenye nyufa, ikateremka hadi mjini Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji na kuishia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Lakini kilele hakikuruka angani, wala wingu la majivu halikufunika nchi. Miaka 11 kabla ya hapo, Pinatubo ya Ufilipino ilirusha majivu kiasi cha kilomita 35 juu. Zote mbili ni volkano. Tofauti yake iko wapi?

Wengi hujibu kuwa ni joto. Sivyo. Zaha ya Nyiragongo ina joto kuliko ile ya Pinatubo, tena kwa mamia ya nyuzi.

Tuanzie chini. Watu hudhani kuwa chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Ukweli ni kwamba mwamba ulio chini ya gamba la dunia ni mgumu, ingawa una joto kali, kwa sababu uzito wa miamba iliyo juu yake unaubana usiyeyuke. Ili uyeyuke, lazima kitu kibadilike. Katika Bonde la Ufa, gamba la dunia linavutwa pande mbili na kuwa jembamba. Mwamba wa chini hupanda, mgandamizo hupungua, na sehemu ndogo yake huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Ufilipino mambo ni mengine. Huko sakafu ya bahari inazama chini ya visiwa pamoja na maji yaliyonaswa ndani ya mawe yake, na maji hayo hushusha kiwango cha joto ambacho mwamba huanza kuyeyuka.

Mwamba ulioyeyuka, yaani magma, ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka, kwa hiyo hupanda. Ndani yake mna gesi, hasa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Kule chini gesi hiyo imeyeyukia humo humo. Ikikaribia juu, mgandamizo ukipungua, hugeuka mapovu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: je, mapovu yatapata njia ya kutoka?

Linaloamua ni silika, madini yaleyale yanayofanya mchanga na kioo. Magma ya Nyiragongo ina silika takriban asilimia 40, nayo ni nyepesi kama maji ya uji ambayo bado hayajashika unga. Mapovu hupanda, hupasuka, basi. Ya Pinatubo ilikuwa na zaidi ya asilimia 60. Ilikuwa nzito na yenye kunata, na ilikuwa imekaa chini karne kadhaa, maji mengi yakiwa yamefungwa ndani yake. Mapovu yalikwama, yakaendelea kutanuka, na Juni 15, 1991 yakaipasua magma yenyewe kuwa vumbi. Majivu ya volkano si mabaki ya kitu kilichoungua. Ni mawe na vioo vilivyosagika. Siku hiyo kulikuwa na tufani, majivu yakalowa mvua, na wengi wa waliokufa waliangukiwa na mapaa ya nyumba.

Sasa, Ol Doinyo Lengai huko kaskazini mwa Tanzania inaharibu mgawanyo huu mzuri. Zaha yake ya kawaida karibu haina silika kabisa. Ni ya kaboneti yenye magadi, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, hutiririka nyeusi kama oili chafu na kugeuka nyeupe ikipata unyevu wa hewa. Hakuna volkano nyingine hai inayotoa zaha ya namna hiyo. Kwa kanuni yetu ingepaswa kuwa pole daima. Hata hivyo, Julai 2007 ardhi ilitetemeka hadi Nairobi wakasikia, na Septemba mlima ukaanza kulipuka. Milipuko ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Magma mpya yenye silika ilikuwa imepanda kutoka chini na kukutana na ile ya kaboneti, na mchanganyiko huo ukaachia kaboni dayoksaidi nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo kuujua mlima kwa tabia yake ya jana hakutoshi.

Wala upole si usalama. Kuzunguka Goma, kaboni dayoksaidi huvuja ardhini hata mlima ukiwa kimya. Wenyeji huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, haionekani, haina harufu, na hujikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku upepo ukitulia. Ukifika huko, usishuke shimoni alfajiri kabla ya kuuliza wenyeji, na ukimwona mbuzi amelala mfu bondeni bila jeraha, usimfuate.